Baada ya mahojiano mazuri, nani atakuwa shahidi wa kazi yako?

Juma hili tunajibu swali lililotoka kwa wamama wawili wa vikundi tofauti. Wote wawili waliitwa kwenye mahojiano ya kazi, wakajibu vizuri, wakaambiwa: "Sasa tutawapigia simu watu wako wa referensi." Kisha kimya. Wanauliza: katika kimya hicho mama anaweza kufanya nini, au kazi yake ni kungojea tu?

Kuna mengi ya kufanya, na yanafanywa katika siku mbili au tatu tu. Mwenye kuajiri akifika kupiga simu hizo, mara nyingi amebaki na watu wawili au watatu mkononi. Wote walijibu vizuri, wote wana vyeti. Sasa anataka kusikia kutoka kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi. Simu ile ya dakika 10 au 15 inaweza kukupatia mkataba, na inaweza kukuondoa hata kama hakuna mtu aliyesema neno baya juu yako.

Wengine watasema: "Lakini mimi niko na cheti cha kazi kutoka kwa mwajiri wangu wa zamani." Ni vizuri, kitunze. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya mwaka 2002, inamlazimisha mwajiri kukupa cheti hicho kazi inapoisha, kwa sababu yoyote ile. Lakini sheria hiyo inasema pia mambo yanayoandikwa humo: kazi uliyofanya, muda wake, siku ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya bima ya jamii. Hakuna kingine kinachoruhusiwa kuongezwa. Kwa hiyo cheti kinaonyesha kwamba ulikuwa pale. Hakisemi kama ulifanya kazi vizuri au vibaya. Hilo linasemwa na mtu, kwa mdomo wake. Ndiyo sababu sisi tunamwita mtu wa referensi shahidi wa kazi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Butembo. Siku ya Jumanne alifanya mahojiano kwa kazi ya msimamizi msaidizi wa depo, katika shirika linalogawa chakula. Kazi zake za zamani ni mbili. Tangu Aprili 2019 mpaka Juni 2021 alikuwa katika depo ya dawa ya mfanyabiashara mmoja. Tangu Septemba 2021 mpaka Februari 2025 alikuwa katika depo ya shirika dogo, mpaka mradi wake ulipofungwa kwa kukosa pesa, kama miradi mingi ilivyofungwa mwaka ule. Tena, tangu 2022 yeye ni mtunza pesa wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wamama 25.

Katika sivi yake aliandika mashahidi watatu. Wa kwanza ni shemeji yake, mkubwa wa shule. Wa pili ni pasta wake. Wa tatu ni direkta wa lile shirika lililofungwa, ambaye sasa anaishi Kinshasa. Direkta huyo aliandikwa kwa imeli ya shirika na namba ya simu ya zamani. Jumatano asubuhi mama akapokea ujumbe: mashahidi wataitwa mpaka Ijumaa jioni, na kama kuna namba iliyobadilika, atoe taarifa.

Tuwaangalie hawa watatu kwa macho ya yule atakayepiga simu.

Shemeji ni mtu wa heshima, lakini ni ndugu, na hajawahi kumwona mama huyu akihesabu mfuko hata mmoja. Fomu nyingi za mashirika zinasema wazi kwamba ndugu hawakubaliwi. Hata pale zisiposema, swali la kwanza kwenye simu ni hili: "Unamfahamu kwa njia gani?" Akijibu "ni mke wa ndugu yangu," mazungumzo yamekwisha, na namba moja katika tatu imepotea bure.

Pasta atasema kwamba mama huyu ni mtu wa sala na haibi. Ni neno zuri, lakini mpigaji atauliza: "Anajaza fishi za stoku kila siku, au anangojea mwisho wa juma?" Pasta hana jibu. Angekuwa shahidi mzuri kama mama huyu angekuwa mtunza depo wa parokia, au kama angesimamia chakula cha semina za kanisa. Pale angeshuhudia kazi. Kwa mama huyu anashuhudia tabia tu.

Direkta alimwajiri kweli. Lakini direkta hakuingia katika depo ila siku za wageni. Tena imeli ya shirika lililofungwa haifunguliwi na mtu, na namba ya zamani haipiti. Mpigaji atajaribu mara mbili, mara tatu, kisha ataandika katika karatasi yake: "hakupatikana". Shahidi asiyepatikana ndiye shida ya kawaida kuliko zote. Mwajiri hatajua kama rezo ilikuwa mbaya au kama wewe ulitoa namba ya uongo. Atakwenda kwa mtu wa pili katika orodha yake.

Basi mama anatafuta nani? Chombo cha kupimia ni swali moja: nani aliona mikono yangu ikifanya kazi inayofanana na ile ninayoiomba? Jibu la kwanza karibu siku zote ni mkubwa wako wa karibu, yule aliyekugawia kazi asubuhi na kuipokea jioni, hata kama cheo chake ni kidogo. Kwa mama wetu huyu ni shefu wa depo wa lile shirika, ambaye sasa anafanya kazi Bunia. Walifanya naye inventari kila mwisho wa mwezi kwa miaka mitatu na zaidi. Jibu la pili ni mwenye depo ya dawa. Na la tatu ni mama anayeongoza kikundi cha kuweka na kukopa, maana kila mkutano anaona mtunza pesa akifungua sanduku, akihesabu mbele ya watu na kulinganisha na daftari.

Huyu wa tatu tunamtaja kwa kusudi. Wamama wengi wanatuambia: "Mimi sijawahi kuajiriwa, sina shahidi." Mama aliyetunza daftari la kikundi miaka miwili, aliyeshonea shule nguo za wanafunzi na kuzileta siku iliyopangwa, aliyekuwa katika komite ya wazazi na kugawa vitabu, huyo ana mashahidi. Jambo la muhimu ni kwamba shahidi aweze kusema: niliona, siku fulani, kazi fulani. Lakini kama tangazo linaomba mashahidi watatu wa kazi ya kuajiriwa, mtu wa kikundi awe wa tatu, asiwe wa kwanza.

Sasa kumwomba. Usitoe namba ya mtu kabla hajakubali. Na namna ya kuomba ina maana kubwa. Ukimwuliza mtu "Unaweza kuwa referensi yangu?", kwa adabu yetu atasema ndiyo, hata kama moyoni hataki. Umwulize hivi: "Shefu, wakikupigia juu ya kazi yangu ya depo, utaweza kusema vizuri? Kama kuna jambo linalokusumbua, uniambie bila shida, nitaomba mtu mwingine." Umempa mlango wa kutokea. Kisha sikiliza. Akijibu mara moja na kukumbuka kazi fulani mliyofanya pamoja, huyo ni wako. Akinyamaza kidogo, akisema "sawa, wanipigie tu," au "nitaona," umshukuru na umwache. Kimya kile kile mpigaji naye atakisikia kwenye simu, na atakiandika.

Mama wetu alimpigia shefu wa depo Jumatano saa tano. Alikubali kwa furaha. Mwenye depo ya dawa alikubali pia, lakini akasema: "Wewe uliondoka mwaka 2020, si ndiyo?" Hapo mama alipata bahati ya kuuliza mapema. Aliondoka Juni 2021. Kama mpigaji angesikia 2020, wakati sivi inasema 2021, angefikiri mama ameongeza mwaka ili aonekane na uzoefu mwingi. Hakuna mtu aliyesema uongo, ni kusahau tu. Lakini mpigaji hajui hivyo. Tofauti ya tarehe, ya cheo na ya sababu ya kuondoka ndizo tatu anazozitafuta kwanza, kwa sababu ni rahisi kuzilinganisha. Mama akampigia picha kile cheti cha kazi, akamtumia kwa Watsapu. Yule mzee akasoma, akasema: "Kweli, nilisahau."

Siku ile ile mama aliandikia shirika ujumbe mfupi: direkta wake wa zamani hapatikani tena kwa namba ile, na anaomba kubadilisha mashahidi. Akatoa majina matatu mapya, cheo cha kila mmoja wakati walipofanya kazi pamoja, namba ya simu inayopita, na saa nzuri ya kuwapigia. Kubadilisha mashahidi kabla hawajaitwa si kosa.

Lakini asimfute direkta kabisa. Shirika linaweza kumtafuta hata bila kuandikwa. Mama aliomba kwa shefu wake namba mpya ya direkta, akampigia kumjulisha. Hapa tukumbushe kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu wa mashariki anayepiga saa mbili ya asubuhi anamkuta mwenzake wa Kinshasa saa moja, hajafika kazini.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wanaliacha, nalo ni kumtayarisha shahidi. Mtu aliyekubali Jumatano anaweza kupigiwa Alhamisi akiwa sokoni, mtoto analia, na hajafikiria kazi yako tangu mwaka jana. Atasema: "Eee, alikuwa mama mzuri, hana shida." Mpigaji ataandika hayo, na hayana uzito wowote.

Matayarisho yanaanza jioni ya siku ya mahojiano. Ukifika nyumbani, kabla ya kupika, chukua daftari na uandike maswali yote waliyokuuliza. Weka alama kwa yale waliyoyarudia au waliyoyafuatia kwa swali la pili. Hayo ndiyo yanayowatia wasiwasi, na hayo ndiyo wataenda kuuliza kwa mashahidi. Mama wetu aliulizwa mara mbili juu ya vitu kupotea: "Ulifanya nini siku hesabu ya depo ilipokataa kulingana na fishi?" Alijibu kwa habari ya kweli ya mwaka 2023. Wakati wa inventari ya Machi, mifuko 12 ya unga haikuonekana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiona tofauti, akamjulisha shefu jioni ile ile kwa maandishi. Walifungua boni zote za kutoa za mwezi, wakakuta gari moja lilipakiwa mifuko 12 kwa boni ya mkono ambayo haikuingizwa katika fishi. Tangu siku ile wakapanga kwamba gari halitoki bila boni yenye sahihi mbili.

Shefu anaijua habari hiyo. Lakini akiulizwa ghafla, anaweza kukumbuka tu kwamba "kuna wakati mifuko ilipotea". Fikiria maneno hayo peke yake yakifika kwa mwajiri. Mama akamwandikia ujumbe huu, nasi tunauweka wote ili vikundi viuone:

"Shefu, asante kwa kukubali. Kazi niliyoiomba ni msimamizi msaidizi wa depo ya chakula, hapa Butembo. Watakupigia kati ya Alhamisi na Ijumaa, labda kwa namba usiyoijua. Nilifanya kazi chini yako tangu Septemba 2021 mpaka Februari 2025. Niliondoka kwa sababu mradi ulifungwa. Katika mahojiano waliuliza sana juu ya vitu kupotea. Niliwaeleza inventari ya Machi 2023, mifuko 12 ya unga, boni ya mkono ambayo haikuandikwa, na ile sahihi mbili tuliyoianzisha. Waliuliza pia kama ninaweza kusimamia wapakiaji wanaume. Kama unakumbuka siku za kugawa chakula, useme ulivyoona. Na wakiuliza udhaifu wangu, niliwaambia kwamba kompyuta ninaijua kidogo tu, ninajifunza. Useme ukweli kama unavyoujua."

Ujumbe huu unampa shahidi kazi inayoombwa, ni nani atapiga na lini, tarehe na sababu ya kuondoka, habari moja au mbili za kazi ambazo aliziona kwa macho yake, na udhaifu uliokubaliwa. Haumpi maneno ya kukariri. Mtu akisoma majibu kwenye karatasi, sauti yake inabadilika, na mpigaji mzoefu anaisikia mara moja. Tena mashahidi wawili wakitumia sentensi ile ile, inaonekana kama wamefundishwa. Kwa hiyo kila shahidi umkumbushe jambo lake. Shefu anakumbushwa inventari. Mwenye depo ya dawa anakumbushwa namna mama alivyopanga dawa ili zile zinazokaribia kuharibika zitoke kwanza. Mama wa kikundi anakumbushwa siku ya kugawana, ambapo pesa za mwaka mzima zilihesabiwa mbele ya wote 25 na daftari halikukosa hata franka 500.

Tuseme neno juu ya udhaifu. Swali hilo karibu lazima litoke. Shahidi akisema "hana udhaifu wowote," mpigaji hataamini na mengine yote. Ni bora wewe na shahidi mseme jambo moja la kweli, dogo, linalorekebishwa, na ambalo si moyo wa kazi yenyewe. Mshika depo asiyejua sana kompyuta anaweza kufundishwa. Mshika depo anayesahau kuandika hawezi kuajiriwa. Na kama kuna kosa kubwa la kweli katika kazi yako ya zamani, wewe mwenyewe ulieleze kwa mwajiri kabla hajalisikia kwa mwingine, pamoja na jinsi ulivyolitengeneza. Shahidi hawezi kulifunika, na usimwombe afanye hivyo.

Kuna swali la mwisho ambalo wapigaji wengi wanaliweka mwishoni: "Kama ungekuwa na nafasi leo, ungemwajiri tena?" Majibu mengine yote yanaweza kuwa ya adabu. Hili linatoka haraka au linachelewa. Wakati unapochagua shahidi, ujiulize kimoyomoyo kama huyu angejibu "ndiyo" bila kuvuta pumzi. Ukiwa na mashaka, tafuta mwingine.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wamama peke yetu. Mashahidi wanaotupenda wanatuharibia wakati mwingine kwa huruma. Mmoja anasema: "Msaidieni, ni mama wa watoto watano, mume hana kazi." Mwingine: "Sasa amejifungua, lakini atajikaza." Hakuna aliyetaka kudhuru. Lakini mwajiri anasikia kwamba mtu huyu hatakuja kazini mtoto akiugua, au kwamba anaombewa sadaka. Sheria ya kazi inakataza uzazi kuwa sababu ya kumbagua mwanamke katika kazi, na inakataza kumdai mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba. Lakini neno likishatoka kwenye simu hakuna atakayeliona kwenye karatasi. Basi mwambie shahidi kwa upole: "Wakiuliza juu ya watoto au mimba, uwaambie hayo waniulize mimi, wewe ulijua kazi yangu tu." Kama anataka kusema jambo linalosaidia, aseme kuhusu kazini: kwa miaka mitatu alifika kwa saa, na siku aliyokosa alitoa taarifa mapema.

Wale wanaoomba kazi katika mashirika ya msaada wajue pia kwamba kuna simu nyingine isiyopita kwa mashahidi uliowachagua. Tangu mwaka 2019, mashirika mengi yamekubaliana kuulizana wenyewe kwa wenyewe kama mtu aliwahi kukutwa na kosa la kutumia watu vibaya kwa tendo la ndoa, au kuwasumbua kwa njia hiyo, katika miaka mitano iliyopita. Barua inakwenda moja kwa moja kwa shefu wa personeli wa kila mwajiri wako wa miaka hiyo, na wewe unaombwa kutia sahihi kukubali. Usiogope sahihi hiyo. Sisi wa mashariki tunajua kwa nini ulinzi huo ulihitajika. Lakini uandike waajiri wote wa miaka mitano, hata yule mliyeachana vibaya, hata kazi ya miezi mitatu. Mwajiri aliyerukwa akigunduliwa, watajiuliza unaficha nini. Na kama shirika lilifungwa, utoe jina la mtu aliyebaki na karatasi zake.

Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asijaribu kumvalisha binamu yake nguo ya direkta. Wengine wanatoa namba ya ndugu na kusema ni ya mkubwa wa kazi. Mpigaji mwerevu haipigi namba hiyo. Anatafuta namba ya ofisi yenyewe na kuuliza kama mtu wa jina hilo aliwahi kufanya kazi pale. Ikionekana ni uongo, kazi imekwisha, na habari inatembea kutoka shirika moja hadi lingine katika mji mdogo kama wetu.

Na kama bado una kazi, na mkubwa wako wa sasa hajui kwamba unatafuta nyingine? Mwambie mwajiri mpya waziwazi: "Mkubwa wangu wa sasa naomba aitwe wa mwisho, baada ya ninyi kuamua kunipa kazi." Ni ombi la kawaida. Lakini usiache kazi ya sasa kwa sababu tu mashahidi wameitwa. Kuitwa kwao si mkataba. Mkataba ni ile karatasi yenye sahihi.

Mama wetu alifanya mambo mengine madogo siku ile. Alimwomba kila shahidi aache simu wazi na ajibu namba asiyoijua, kwa maana wengi wetu hatupokei. Mama wa kikundi, ambaye simu yake inazimika kila mara, alimpeleka kwa jirani mwenye umeme wa jua aichaji mapema. Aliwatumia wote unite kidogo, ili wakikosa simu waweze kurudisha. Hiyo si kununua ushahidi, ni kulipa njia. Ijumaa saa tisa shefu wa Bunia akapiga: "Wameniuliza mifuko 12. Nimewaeleza yote, mpaka sahihi mbili." Mama akamshukuru. Na Jumatatu, kabla hajajua matokeo, akawaandikia wote watatu asante. Shahidi anayeshukuriwa hata pale kazi inapokosekana atakubali tena mara ya pili.

Tunawaomba vikundi mfanye zoezi hili katika mkutano ujao, lichukue nusu saa. Mama mmoja awe mwenye kuomba kazi, wa pili awe shahidi wake, wa tatu apige simu. Aulize maswali matano: unamfahamu kwa njia gani, alifanya kazi gani na tangu lini mpaka lini, utoe mfano wa kazi aliyoifanya vizuri, udhaifu wake ni nini, na ungemwajiri tena. Wengine wasikilize pale shahidi anapokwama. Pale alipokwama, hapo ndipo hakutayarishwa. Mwenye kuomba kazi aandike katika daftari lake ni nini alipaswa kumkumbusha, na majina ya watu watatu atakaowapigia juma hili, kabla hata ya kuitwa kwenye mahojiano.